Timazi na Kisanduku cha Chanzo

Jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwenye uzi ili ijulikane kama ukuta umesimama wima au umelala upande. Yeye alikuwa na tabia ya kufumba jicho moja anapotazama kitu, kiwe ukuta, mlango au mtu. Mpiga plasta mmoja aliniambia, "Akikutazama hivyo, unajikuta unanyoosha mgongo."

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alianza kazi ya ujenzi kwa kubeba zege kichwani, akaja kuwa mwashi, akawa kiongozi wa waashi, na nilipomfahamu alikuwa msimamizi wa saiti ya jengo la ghorofa nne. Kiswahili alikisoma vizuri. Gazeti alilianza ukurasa wa mwisho akarudi nyuma hadi wa kwanza. Kiingereza alijua majina ya vifaa, pamoja na matusi mawili aliyofundishwa na fundi umeme, na hayo alikuwa hayatumii.

Tulikutanishwa na fomu.

Mimi ni mfasiri. Chumba changu cha kazi kiko juu ya duka la vifaa vya maandishi: meza, kompyuta, printa inayotafuna karatasi ikipata joto, na viti viwili vya wageni. Nafasiri vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya kupanga nyumba, maelekezo ya majiko. Jumanne moja asubuhi afisa usalama wa kampuni ya ujenzi alipanda ngazi akiwa na bahasha. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake vya saiti vimepigwa brashi.

"Mwalimu," alisema, kwa maana watu wengi wanaamini kila ajuaye Kiingereza ni mwalimu, "jana tumepata ajali. Fundi ameanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao wanalopandia. Yu hai, lakini mguu umevunjika chini ya goti, na kifundo cha mkono pia."

Akanieleza kilichomleta. Zamani, ajali ikitokea, yeye ndiye aliyekuwa akimuuliza msimamizi maswali na kuijaza fomu kwa Kiingereza, msimamizi akatia saini. Sasa makao makuu wameamua kwamba mtu asitie saini kitu asichoweza kukisoma. Fomu ifasiriwe, msimamizi aijaze mwenyewe kwa Kiswahili, kisha majibu yake yarudishwe katika Kiingereza.

"Na lini mnaitaka?"

"Fomu tupu, leo. Majibu yawe yamefika makao makuu Ijumaa saa sita mchana."

Uamuzi ule niliupenda. Nikakaa kuifanya kazi.

Fomu ilikuwa na visanduku kumi na vinne. Vya mwanzo havikunisumbua: jina la aliyeumia, kazi yake, siku, saa, mahali, kilichotokea. Ugumu ulikuwa kwenye visanduku vitatu vilivyofuatana. Cha tisa kiliuliza sababu ya moja kwa moja, yaani kile kilichomwangusha mtu pale pale. Cha kumi kiliuliza sababu zilizochangia. Cha kumi na moja kiliuliza kile Waingereza wanachokiita sababu ya mzizini. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, mwishowe nikaweka "chanzo cha msingi". Kando ya maneno hayo, kwenye karatasi ya Kiingereza, palikuwa na tarakimu ndogo ya nne, imeinuliwa juu kidogo kama inavyofanywa kumpeleka msomaji kwenye maelezo. Nilitafuta maelezo hayo chini ya ukurasa, sikuyaona. Nikadhani ni mabaki ya fomu nyingine, nikaiacha.

Jumatano alasiri mlangoni pakagongwa.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, fundi. Kaa kiti hiki. Hicho kingine mguu mmoja umelegea."

Aliinama, akautazama mguu wa kiti kwa jicho moja. "Msumari mmoja tu huu," akasema, na akakaa papo hapo kwenye kile kibovu.

Fomu ilikuwa imekunjwa mara mbili ndani ya kitabu kidogo. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa taratibu, kila herufi imesimama peke yake. Kilichotokea alikieleza vizuri kuliko mawakili wengi ninaowafasiria: saa mbili kasoro robo fundi wa plasta alikanyaga mwisho wa ubao kwenye jukwaa la upande wa mashariki, hatua ya pili, yaani safu ya pili ya mbao kutoka chini, ubao ukageuka, akaanguka kutoka kimo cha kama watu wawili waliopandiana mabegani. Sababu ya moja kwa moja: ubao uligeuka. Sababu zilizochangia: ubao haukuwa umefungwa waya. Nikafika cha kumi na moja.

Alikuwa ameandika neno moja. "Mimi."

Cha kumi na mbili kiliuliza hatua za kurekebisha. Hapo aliandika: "Nitakuwa makini zaidi. Mungu atusaidie."

"Fundi," nikasema, "hapa umejiandika wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Si wameuliza chanzo?"

"Wameuliza chanzo cha msingi. Kitu kilicho chini ya hayo mengine yote."

"Basi ni mimi. Nani mkubwa pale?"

Nilidhani nimechagua neno baya, maana ndilo jambo la kwanza mfasiri analolishuku. Nikamuuliza, kama ingeandikwa "kiini cha ajali", angejibu nini? Akafikiri. "Msimamizi wa saiti," alisema. Nikajaribu tena: jambo lililofanya sababu nyingine zote ziwezekane.

"Hilo nalo ni msimamizi wa saiti," akajibu kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kwenye hesabu. "Maneno yako yote mazuri, mwalimu. Nimekuelewa tangu la kwanza."

"Hebu nieleze basi, ulifanya nini?"

Hapo alitazama dirisha. "Kila asubuhi kabla mafundi hawajapanda, mimi napanda jukwaa lote, natazama mbao, klampu zinazobana nguzo, waya. Kisha natia saini kwenye daftari la ukaguzi. Jumatatu nilitia saini. Sikupanda."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa getini napokea saruji. Lakini hiyo si sababu, hiyo ni hadithi. Mtu akianza na 'nilikuwa getini', unajua tayari anatafuta pa kutokea." Akakunja mikono. "Jana nilikwenda hospitali. Shemeji amelala, mguu umeinuliwa juu."

Shemeji ndiye aliyeumia. Alikuwa amemwoa dada wa mama anayewapikia mafundi, basi saiti nzima ikawa inamwita Shemeji, hata wasiomjua huyo dada.

"Mama yake amekaa pembeni ya kitanda," Timazi akaendelea. "Unataka nikamwambie nini? Kwamba kijana wako ameangushwa na mpangilio? Mimi nimemwambia, mama, kosa ni langu. Na karatasi itasema hivyohivyo."

Nilimwomba aniachie fomu mpaka kesho yake. Aliposimama kuondoka alikigeuza kile kiti, akakigonga mguu mara mbili kwa kiganja, akakirudisha. Kikatulia kwa siku mbili.

Baada ya kumsikiliza akishuka ngazi, nilimpigia simu afisa usalama. Nilimuuliza, kwa jumla tu, inakuwaje msimamizi akijitaja yeye mwenyewe kwenye kisanduku cha kumi na moja.

Akashusha pumzi. "Amejiandika?"

"Nauliza kwa jumla."

"Kwa jumla, mwalimu, kisanduku cha kumi na mbili kinafuata cha kumi na moja. Chanzo kikiwa ni msimamizi, hatua ya kurekebisha ni kuondoa chanzo. Makao makuu hawamjui yule mzee. Wanaona fomu. Mwaka jana saiti nyingine mmoja alijiandika hivyo, wiki ya pili hakuwepo. Lakini si wamekatazwa? Maelezo ya nne yanasema wazi."

"Maelezo ya nne yapi?"

"Ya nyuma ya fomu."

"Nyuma ya fomu uliyoniletea ni karatasi nyeupe."

Nikasikia droo ikifunguliwa na makaratasi yakipekuliwa. Fomu asilia ilikuwa imechapwa pande zote mbili. Mtu fulani zamani aliitoa nakala upande mmoja, nakala ile ikatolewa nakala, na kwa muda ambao yeye hakuweza kuuhesabu saiti zote zilikuwa zinajaza fomu yenye uso bila mgongo. Yeye mwenyewe aliyasoma maelezo yale chuoni, kwa hiyo hakuwahi kuyakosa. Alinitumia picha ya ukurasa wa nyuma kwenye simu.

Maelezo ya nne yalikuwa na mistari mitano. Usiandike hapa jina wala cheo cha mtu, wala neno uzembe. Anza na sababu ya moja kwa moja, uliza kwa nini, na jibu utakalopata uliulizie tena kwa nini, mpaka ufike kwenye jambo ambalo uongozi unaweza kulibadilisha: utaratibu, mafunzo, vifaa, mgawanyo wa kazi. Kisha jipime: jambo hilo likiondolewa, je, ajali ya aina hii itazuilika, hata watu wakiwa wengine?

Nilikaa nikiitazama ile tarakimu ndogo. Nilikuwa nimeiona, nikaamua haina maana kwa sababu sikujua maana yake. Nimewahi kufanya makosa ya kazi, kila mfasiri anayo, lakini mengi huishia kwenye karatasi. Hili lilikuwa limekaa mbele yangu nusu saa iliyopita, kwenye kiti kibovu, likijiandalia kufukuzwa.

Niliyafasiri maelezo yote kabla ya jua kutua, nikashuka nikaenda kwake.

Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Mke wake alikuwa fundi cherehani. Cherehani ilikuwa karibu na mlango ili mwanga usipotee bure, na sare za shule zilizokatwa tayari zilikuwa zimerundikwa juu ya kitanda. Binti yao mkubwa, anayesomea uuguzi, alikuwa akipiga pasi. Timazi hakuwa amerudi.

"Wewe ndiye mwalimu wa fomu?" mkewe aliuliza bila kusimamisha gurudumu. "Amekusema. Anasema wewe ni dada yake sasa, kwa hiyo mimi na wewe ni mawifi. Kaa. Amejiandika, sivyo?"

"Amejiandika, wifi."

"Nilijua. Huyu bwana sahani ikivunjika kwa jirani, anakwenda kuomba radhi yeye. Mwaka ule paka wa hapa kavunja chungu cha watu, yeye huyo, 'samahanini, mimi ndiye niliyeacha dirisha wazi'. Dirisha lenyewe la kwao!"

Binti alicheka mpaka akainua pasi. "Mama, paka hata hakuwa wetu."

"Hakuwa wetu!" Gurudumu likasimama. Akashusha sauti. "Wakimwondoa, wifi, hatafuti kazi nyingine. Namjua. Atasema ni haki yake, atakaa hapo kwenye kizingiti, na mimi nitamtazama akikaa."

Timazi aliingia, akatusalimu, akavua viatu. Nilimweleza juu ya ukurasa wa nyuma. Nilimwambia pia kwamba mimi ndiye niliyeiacha ile namba ya kumpeleka huko. Akapokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akasoma yote, midomo ikisogea.

"Kwa hiyo wanakataza mtu kukiri," akasema.

"Wanakataza kuishia hapo."

"Mimi naona ni werevu tu wa kuandika. Shemeji ataamka kesho akiwa na mguu uleule." Akanirudishia. "Nimekosa, nikakubali kwamba nimekosa. Sasa unaniletea karatasi inayosema nisikubali?"

"Baba watoto," mkewe akasema, "umeambiwa uulize kwa nini. Hujauliza hata mara moja."

"Kwa sababu jibu ninalo."

Walitazamana kama watu walioishi pamoja miaka thelathini. Mwishowe alinigeukia mimi. "Njoo kesho saiti, kabla ya saa moja. Nitakuonyesha jukwaa lilivyo na mimi ninachotakiwa kufanya. Ukiona mwenyewe, utaandika kama nilivyosema."

Alhamisi saa moja kasoro dakika kumi nilikuwa pale, nimevishwa helmeti iliyonipwaya. Jengo lilikuwa bado halina madirisha. Jukwaa la mashariki lilikuwa limezungushiwa utepe, hakuna anayepanda. Akanionyesha mahali penyewe. Kwenye hatua ya pili nguzo moja ya mlalo haikuwepo, na ubao uliopaswa kulalia nguzo tatu ulikuwa unalalia mbili, mwisho wake umening'inia hewani.

"Nani aliyeiondoa nguzo?"

"Mafundi bomba, Jumapili jioni. Walikuwa wanapitisha bomba la maji machafu, nguzo ikawa njiani. Wakaitoa, wakapitisha, wakarudisha ubao bila nguzo na bila waya."

"Hawakukuambia?"

"Hakuna anayesema. Sisi wenyewe tunatoa nguzo zao, wao wanatoa zetu. Ndiyo maana kuna ukaguzi wa asubuhi. Ukaguzi ni mimi." Alisema hivyo bila uchungu. "Sasa njoo jukwaa la magharibi. Hili leo litapandwa. Tazama ninavyofanya."

Akatoa daftari la ukaguzi mfukoni, akapachika kalamu sikioni, akaanza kupanda. Alipanda vizuri kwa umri wake. Kila ubao aliukanyaga mwanzo, kati na mwisho. Kila waya aliuvuta. Mimi nilisimama chini nikihesabu hatua. Jukwaa lilikuwa na hatua nne, naye alikuwa amemaliza ya kwanza na nusu ya pili lori la saruji lilipopiga honi getini.

Mara ya pili honi ilikuwa ndefu. Mlinzi akaita, "Msimamizi! Dereva anasema ana saiti nyingine tatu!"

Timazi akashuka. Hakusita, alishuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Akawa anatembea kuelekea getini, bado anaongea nami, "Hapo ndipo ninapo..." na huku anatembea mkono wake ukaitoa kalamu sikioni, ukafungua daftari, ukapata mstari wa tarehe ya leo.

Nilimwita, "Fundi."

Akasimama. Akatazama mkono wake. Alikuwa ameshaandika herufi mbili za kwanza za saini yake.

Lori likapiga honi tena. Hakusogea. Mafundi waliokuwa wakivaa nguo za kazi karibu na tangi la maji walitutazama. Baadaye aliniambia kwamba alichokuwa anakifikiria ni kwamba siku tatu hajalala vizuri kwa ajili ya saini ile ya Jumatatu, amekiri mbele ya mama wa watu, na mkono umekwenda wenyewe.

"Lori linafika saa ngapi kila siku?" nikauliza.

"Saa moja."

"Na ukaguzi?"

"Saa moja. Mafundi wanapanda saa moja na nusu."

"Zamani ilikuwaje?"

"Palikuwa na mtunza stoo. Yeye ndiye aliyepokea mizigo. Miezi mitatu iliyopita wakaiondoa nafasi ile, wakasema msimamizi atapokea." Alifumba jicho moja, akalitazama jukwaa, akalitazama geti, kama anayepima umbali kati yake. "Sikuwahi kuyaweka pamoja. Kila moja peke yake ni kazi ndogo."

"Na Jumatatu ya kabla ya hii? Na ile nyingine?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Tuseme wamekuondoa," nikasema. "Kesho saa moja amesimama hapa msimamizi mwingine, hodari, mkali, hata kuliko wewe. Lori limepiga honi. Atafanya nini?"

"Atakwenda getini," Timazi akasema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na mafundi bomba watatoa nguzo, kwa sababu hakuna aliyewaambia wamwambie nani."

Alizikata zile herufi mbili kwa mstari mmoja. Akamwambia mlinzi amwambie dereva asubiri au aondoke, achague. Akarudi jukwaani akamaliza hatua zote nne, na dereva alisubiri, akisema maneno ambayo fundi umeme angeyapenda.

Fomu tuliijaza stoo, tumekaa juu ya mifuko ya saruji, fomu mpya yenye mbele na nyuma. Aliandika yeye, mimi niliuliza tu kwa nini. Ubao uligeuka, kwa nini? Mwisho wake haukulala juu ya nguzo wala haukufungwa. Kwa nini? Nguzo iliondolewa na mafundi wa kazi nyingine. Kwa nini hawakuripoti? Hakuna utaratibu wa anayebadilisha jukwaa kumwarifu yeyote, wala alama ya kuonyesha jukwaa halijakaguliwa upya. Kwa nini haikuonekana asubuhi? Ukaguzi haukufanywa. Kwa nini? Mkaguzi amepewa kazi mbili zinazotakiwa saa ileile, tangu nafasi ya mtunza stoo ilipoondolewa, na mgawanyo huo haukupimwa na mtu.

Alipofika kisanduku cha kumi na moja aliandika mambo mawili: kukosekana kwa utaratibu wa kubadilisha jukwaa, na mgawanyo wa kazi uliofanywa bila kuangalia saa. Cha kumi na mbili kikajijaza chenyewe. Chini ya jina la anayehusika na utekelezaji, kisanduku cha kumi na tatu, aliandika meneja wa mradi, akaweka kalamu chini, akapumua.

Kisha akaichukua tena, akarudi cha kumi. Akaongeza: "Mimi msimamizi nilitia saini daftari la ukaguzi siku ya ajali bila kupanda jukwaa. Nimewahi kufanya hivyo siku nyingine pia."

"Fundi," nikasema, "hilo la pili hawajauliza."

"Wameuliza yaliyochangia. Limechangia." Akanitazama kwa macho yote mawili. "Usilifute, mwalimu. Huko chini nimekubali yenu. Hili ni langu."

Niliifasiri usiku ule nyumbani, na sentensi ile ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Haikuwa ngumu. Kiingereza kina njia nyingi za kusema jambo limetendeka bila mtu kuonekana akilitenda; ningeweza kuandika kwamba ukaguzi haukukamilika kama ilivyokusudiwa, na hakuna ambaye angenilaumu. Afisa usalama angenishukuru. Mke wake, bila shaka, angenishukuru. Niliiandika hivyo, nikaisoma, ikasomeka vizuri sana. Halafu nikaiondoa nikaandika alichosema: mimi, nilitia saini, sikupanda, si mara moja.

Nilihofu nimemfukuzisha kazi. Ijumaa saa tano nikaituma.

Afisa usalama alinipigia baada ya kuisoma. "Amejiandika tena," akasema.

"Kisanduku cha kumi. Si cha kumi na moja."

"Naona. Sijawahi kupokea fomu inayosema daftari la ukaguzi ni la uongo. Mwalimu, unajua nina madaftari ya saiti sita hapa, na yote hayana siku hata moja iliyorukwa?"

Majuma matatu yakapita. Nilijizuia kupita barabara ya saiti. Siku moja mchana Timazi akapanda ngazi zangu, vumbi limemkaa mpaka kwenye nyusi, akiwa na bahasha ya kampuni, bado haijafunguliwa.

"Ni ya Kiingereza," akasema. "Nimeona muhuri. Nimeona afadhali niisikie kutoka kwako."

Niliifungua kwa kisu. Nikaisoma yote kimya kwanza, kama nifanyavyo kila mara, naye akaniacha, akitazama printa.

"Ni barua ya onyo," nikamwambia. "Onyo la kwanza la maandishi. Wanasema kutia saini ukaguzi usiofanyika ni kosa, na likirudiwa hatua kali zaidi zitachukuliwa. Linakaa kwenye faili lako miezi kumi na miwili."

"Na kazi?"

"Unaendelea na kazi. Na hapa chini wanasema kuanzia Jumatatu mizigo yote itapokelewa na mtunza stoo, na kwamba jukwaa lililoguswa litavishwa kadi nyekundu mpaka utakapolikagua wewe."

"Soma tena hapo pa onyo."

Nikasoma tena, polepole, nikimfasiria neno kwa neno. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Niliona mabega yake yakishuka, na nilidhani ameumia. Nikaanza kusema kwamba onyo la kwanza si jambo kubwa, kwamba watu wengi wanalo.

"Hapana, mwalimu," akanikatiza. "Wameliandika sawasawa. Ndivyo lilivyokuwa." Akanyoosha mkono aonyeshwe pa kutia saini kwamba ameipokea. "Shemeji ameanza kutembea kwa magongo. Jumapili nitakwenda. Barua hii nitakwenda nayo, mama yake anajua kusoma Kiingereza kidogo."

Akatia saini taratibu, herufi moja moja.